Usiulize Koagulesi Kabla ya Katalesi

Sahani ilikuwa na koloni laini, za mviringo, zenye umanjano wa dhahabu hafifu, na kijana wa atachimenti alikuwa keshaandika jibu lake daftarini: Naiseria. Usaha wenyewe ulitoka kwenye jeraha la mguu wa mkulima wa muguka aliyejikata kwa panga huku kwetu Siakago. Nikamuuliza amefikaje huko. Akafungua chati yake, karatasi nne zilizobandikwa kwa gundi na kupakwa rangi tano, akapitisha kidole: Gram hasi, kokasi, oksidesi chanya, Naiseria. Kila mshale aliufuata vizuri. Jibu tu ndilo lililokuwa la ajabu.

Nimewaona wengi wakiandaa mtihani wa bakteria kwa namna hiyo, kwa kukariri njia zote hadi kwenye majina yaliyo chini ya karatasi. Shida ni kwamba chati haikatai. Ukiingia kwa mlango usio wako, haitakwambia umepotea. Itakuuliza swali linalofuata, nawe utapata la kujibu, na mwishoni utapewa jina. Kila kipimo kwenye chati kinasema kweli kikiwa ndani ya tawi lake tu. Kikifanywa nje ya tawi hilo, matokeo yake yanaweza kuwa na sura nzuri na yakawa uongo mtupu. Kwa hiyo badala ya kuwapitisha kwenye chati nzima, nitawapitisha kwenye kisa hiki kimoja, hatua kwa hatua, kama tulivyokirudia mimi na yeye.

Dalili kwamba amepotea zilikuwepo kabla ya kugusa kemikali yoyote. Koloni zilikuwa zimeota vizuri juu ya agari ya kawaida ya virutubishi. Kisonono hakioti hapo. Kinataka agari ya chokoleti na hewa yenye kaboni dayoksaidi ya ziada. Chini ya hadubini nako, Naiseria hukaa wawiliwawili, kama maharagwe mawili yaliyogeuziana matumbo. Slaidi yake ilikuwa na mashada. Rangi ilikuwa ya waridi, ndiyo, lakini umbo lilikuwa linapiga kelele kitu kingine. Rangi na umbo vikigombana, mwanafunzi huamini rangi. Mimi huamini umbo kwanza, kwa sababu umbo halitegemei sekunde ngapi uliacha asetoni kwenye slaidi.

Turudi basi kwenye rangi ya Gram, ambayo Hans Christian Gram, daktari wa Denmaki, aliitangaza mwaka 1884 akiwa Berlin. Hatua zake mnazijua. Kristali vayoleti dakika 1, maji. Iodini ya Lugol dakika 1, maji. Asetoni sekunde 2 au 3, maji papo hapo. Safranini dakika 1 au 2, maji, kausha, weka tone la mafuta, tazama kwa lenzi ya 100. Kinachosahaulika ni sababu, na mtihani wa nadharia huuliza sababu. Vayoleti na iodini huungana ndani ya seli na kuwa chembe kubwa. Bakteria wa Gram chanya wana ukuta mnene wa peptidoglikani. Asetoni ikiingia huukausha, matundu yake yanabana, na chembe ile inafungiwa ndani. Gram hasi wana ukuta mwembamba uliofunikwa na utando wa nje wenye mafuta. Asetoni huyeyusha utando huo, rangi inatoka, na safranini inapata nafasi. Kwa hiyo Gram haipimi aina ya bakteria. Inapima kama ukuta bado unaweza kuzuia kitu kisitoke. Ukuta ukichoka, Gram chanya hutoka waridi.

Na hapo ndipo kijana alipoangukia. Umeme ulikatika Ijumaa jioni, sahani ikakaa kwenye inkubeta hadi Jumatatu, na joto la Mbeere likaendelea na kazi yake bila umeme. Koloni alizochukua zilikuwa za siku 3. Bakteria wengi humo walikuwa wamekufa au wanakaribia kufa, na kuta zao zilikuwa zimechakaa. Juu ya hayo alipaka smia nzito kama uji, akamimina asetoni mpaka maji yanayotiririka yawe meupe kabisa. Kwenye smia nzito weupe huo huchelewa kufika, kwa sababu rangi ya tabaka la chini inaendelea kutoka, na wakati unausubiri, seli za juu zimeshapoteza kila kitu.

Kwa hiyo kabla ya mshale wa kwanza, andika kwenye chati yako umri wa koloni: saa 18 hadi 24. Smia iwe nyembamba kiasi kwamba ukiiweka juu ya gazeti unaweza kusoma maandishi kupitia hapo. Iache ikauke yenyewe hewani, ndipo uipitishe kwenye moto mara 3. Slaidi ikigusa mgongo wa mkono iwe ya uvuguvugu, isichome. Na kwenye slaidi hiyohiyo, pembeni, paka doa la stafilokokasi unayemjua na lingine la eskerikia koli. Madoa hayo mawili hupita kwenye asetoni ileile kwa sekunde zilezile. Stafilokokasi wako akitoka waridi, huna haja ya kubishana na mtu, unaanza upya. Msimamizi wa mtihani akiona madoa hayo kwenye slaidi ya mwanafunzi hajali tena kama mkono ulitetemeka.

Njia ya pili ya kuhakiki haihitaji rangi, na ni fupi hata kwenye chumba cha mtihani. Weka tone la KOH ya asilimia 3 kwenye slaidi, chota koloni kwa kijiti, koroga kwa muda usiozidi sekunde 60, kisha inua kijiti polepole. Bakteria wa Gram hasi hupasuka ndani ya alkali hiyo, DNA inamwagika, na tone linakuwa zito lenye kuvutika kama mlenda. Ukiinua kijiti uzi unakifuata. Gram chanya ukuta wake hustahimili, tone linabaki maji. Kipimo hiki si cha kuchukua nafasi ya Gram, na wapo bakteria wachache wanaokidanganya. Kazi yake ni kukuamsha pale kinapopingana na slaidi yako. Cha kijana kilibaki maji. Akakoroga tena, akainua tena. Maji.

Na ile oksidesi chanya? Kwenye chati yake hapakuwa na neno lolote kuhusu muda wala kuhusu chombo. Alichota koloni kwa lupu ya nikromu, akapaka kwenye karatasi yenye kitendanishi, akaenda kuosha mikono, akarudi akakuta zambarau. Oksidesi husomwa ndani ya sekunde 10. Kitendanishi chake hujioksidisha chenyewe hewani na kugeuka buluu, hivyo ukingoja vya kutosha kila bakteria duniani atakuwa chanya. Waya wa nikromu nao hukiharakisha. Tumia kijiti cha mbao, cha plastiki au waya wa platini, na kitendanishi kilichokwisha kuwa na ubuluu kwenye chupa kimwage.

Jumatatu hiyo tulifanya mambo mawili tu. Tuliotesha koloni moja upya kwenye sahani mpya, na nyingine tukaiweka kwenye brothi ya kukaa usiku kucha. Wengi huona hiyo ni kupoteza siku. Nami nasema siku moja hiyo ni nafuu kuliko matawi matatu ya uongo.

Jumanne asubuhi Gram ilitoka kama kitabu: kokasi za zambarau kwenye mashada, na madoa ya pembeni yakiwa sawa. Sasa tuko tawi sahihi, na swali la kwanza la tawi la kokasi wa Gram chanya ni moja tu: je, ana katalesi? Kimeng'enya hicho huvunja haidrojeni peroksaidi kuwa maji na oksijeni, na oksijeni hiyo ndiyo povu unaloliona. Stafilokokasi wanacho. Streptokokasi na enterokokasi hawana.

Kipimo ni chepesi, na kwa sababu hiyo watu hukifanya ovyo. Weka koloni kwenye slaidi safi kwanza, kwa kijiti cha mbao, kisha dondosha tone la peroksaidi ya asilimia 3 juu yake. Povu la maana hutoka mara moja na kwa nguvu. Kiputo kimoja kinachojitokeza baada ya nusu dakika si chanya. Waya wenye chuma hutoa povu bila bakteria yeyote, ndiyo maana ya kijiti cha mbao. Ukichota kwenye agari ya damu, usiguse agari yenyewe, kwa sababu chembe nyekundu za damu zina katalesi yao. Enterokokasi wengine nao hutoa povu dhaifu linaloweza kumchanganya aliye na haraka.

Kwa watu wa nyanda za joto kuna jambo moja zaidi. Peroksaidi hujivunja yenyewe ikikaa kwenye mwanga na joto. Katika maabara moja niliyowahi kufanyia kazi, chupa ilikaa miezi dirishani kwa sababu hapo ndipo ilipokuwa karibu na sinki. Tukawa tunapata streptokokasi kwenye kila jipu, hadi siku mtu mmoja alipojaribu na stafilokokasi tuliyemjua naye akakaa kimya. Tangu siku hiyo chupa yangu ni ya kahawia, iko kwenye friji, na kila asubuhi inajaribiwa kwanza na mdudu anayejulikana. Ukinunua peroksaidi duka la dawa soma lebo vizuri: ile iliyoandikwa ujazo 10 ndiyo takribani asilimia 3, na ya ujazo 20 ni takribani asilimia 6.

Koloni za kijana zilichemka kama soda. Stafilokokasi. Ndipo tu tukapata ruhusa ya kuuliza koagulesi.

Nasema ruhusa kwa makusudi. Koagulesi ni kipimo cha kumtenganisha stafilokokasi aureasi na ndugu zake wa ngozi wasio na makuu, na kinafanya hivyo kwa kugandisha plazma. Lakini plazma inaweza kuganda kwa njia nyingine kabisa. Damu iliyowekwa kwenye sitreti haigandi kwa sababu sitreti imeishika kalsiamu yote. Baadhi ya enterokokasi hula sitreti. Wakiila, kalsiamu inaachiliwa, na plazma inaganda yenyewe bila koagulesi yoyote. Aliyeruka katalesi atatazama bomba lililoganda na kuandika stafilokokasi aureasi kwa moyo mkunjufu, wakati aliye mbele yake ni enterokokasi. Aliyeanza na katalesi asingefika kwenye bomba hilo. Huo ndio mpangilio wa chati: kipimo cha juu kinakilinda cha chini. Kwa ajili hiyohiyo tumia plazma ya chupa yenye kofia ya zambarau, yaani ya EDTA, si ile ya kofia ya buluu yenye sitreti. Na kama ni plazma ya binadamu, iwe imepimwa virusi vya ukimwi na homa ya ini, maana utaishika siku nzima.

Kuna koagulesi mbili na mitihani hupenda kuzichanganya. Ya slaidi hupima kile kilichoshikamana na ukuta wa bakteria. Unachanganya koloni na tone la maji ya chumvi mpaka iwe kama maziwa mepesi, pande mbili za slaidi; upande mmoja unaongeza plazma, mwingine hapana. Ukisoma ndani ya sekunde 10 na kuona vipande upande wa plazma peke yake, ni chanya. Vipande vikitokea pande zote mbili, bakteria wamejigandisha wenyewe na kipimo hakisemi kitu. Wapo wanafunzi wanaouona upande wa pili kama kazi ya bure. Bila huo, vipande havina maana.

Ya slaidi ikiwa hasi, hujamaliza, maana baadhi ya stafilokokasi aureasi hawaonyeshi kitu hapo. Slaidi ya kijana ilibaki maziwa pande zote mbili. Alishusha mabega, akasema, “Madam, basi ni wa ngozi tu.” Nikamwambia aandae mabomba 3: lake, la stafilokokasi aureasi tunayemjua, na la stafilokokasi wa ngozi. Kila bomba mililita 0.5 ya plazma iliyozimuliwa sehemu 1 kwa 10 kwa maji ya chumvi, kisha matone 5 ya brothi ya usiku kucha. Yakaingia nyuzi 37 saa tatu kasorobo asubuhi.

Wakati mabomba yanakaa huko, tulichukua penseli na karatasi moja tukaichora chati yake upya. Hata kwenye mtihani wa vitendo, panga kazi hivi: kipimo cha kusubiri kianze mapema, halafu uchore, uandike sababu na ufanye vya haraka huku chenyewe kinaiva. Nimeshuhudia mtu akitumia saa nzima ya kwanza kupendezesha mchoro wa hadubini, kisha bomba la koagulesi likaingia kwenye maji ya moto zikiwa zimebaki dakika 40.

Juu kabisa hatukuandika Gram. Tuliandika usaha, umri wa koloni, aina ya agari. Kila panapogawanyika njia tuliandika mambo matatu: kitendanishi na muda wake, chanya inaonekanaje, na kitu gani kinaweza kudanganya. Majina ya bakteria yaliandikwa mwisho, kwa herufi ndogo. Upande wa katalesi hasi tulipita kwa haraka. Hapo agari ya damu ndiyo inayozungumza: anayesafisha damu kabisa kuzunguka koloni hupelekwa kwenye basitrasini, anayeacha ukijani hupelekwa kwenye optokini, na asiyegusa damu huulizwa kama anastahimili nyongo, kama enterokokasi. Kidonge cha optokini cha milimita 6 kikizungukwa na duara tupu la milimita 14 au zaidi, huyo ni nyumokokasi.

Upande wa Gram hasi ulitaka muda zaidi, kwa sababu huko ndiko mikojo na vinyesi vyetu vinakoishia. Mlango wake ni maswali mawili: anachachua laktosi kwenye agari ya MacConkey, na ana oksidesi? Angalia mtego. Unamwona koloni wa waridi kwenye MacConkey, unamchota hapohapo na kumpima oksidesi. Usifanye hivyo. Asidi aliyoitengeneza kutokana na laktosi huvuruga kipimo, na rangi ya agari yenyewe inakuchanganya. Chota kwenye agari ya virutubishi au ya damu. Familia ya koli karibu yote ni oksidesi hasi. Ukipata chanya kwenye kijiti cha Gram hasi fikiria sudomonasi au vibrio, na uachane na jedwali la koli.

Ndani ya familia ya koli, kwa mkojo wa kawaida, maswali matatu yanatosha. Indoli kwa kitendanishi cha Kovacs, ambayo ikiwa chanya huacha pete nyekundu juu. Sitreti, inayogeuka kutoka kijani kuwa buluu. Na yurezi, inayogeuka waridi iliyokolea. Eskerikia koli anachachua laktosi, indoli chanya, sitreti hasi. Klebsiela nyumoniae anachachua laktosi, indoli hasi, sitreti chanya, na yurezi yake huja polepole. Protiasi hachachui laktosi, yurezi yake hugeuka ndani ya saa chache, na kwenye agari ya damu hutambaa kwa mawimbi hadi amezifunika koloni za wenzake. Huyo mara nyingi utamtambua kabla hujafungua sahani, lakini usimnuse. Nitarudi kwenye kunusa.

Bomba la TSI ndilo linaloliza watu wa kinyesi, na hulia kwa sababu ya saa. Ndani yake kuna glukosi kidogo, asilimia 0.1, na laktosi na sukari ya kawaida mara kumi zaidi, asilimia 1 kila moja. Salmonela na shigela hula glukosi peke yake. Wakianza, asidi inalijaza bomba zima, juu na chini, nalo linakuwa manjano lote. Ukilisoma baada ya saa 8 utaandika manjano kwa manjano, na chati itakupeleka kwa koli. Glukosi ikiisha, bakteria wa juu penye hewa huanza kula protini na kutoa alkali, mteremko unarudi kuwa mwekundu, na kitako kisicho na hewa kinabaki manjano. Hiyo ndiyo sura ya kweli, kati ya saa 18 na 24. Ukilisahau siku mbili, hata walaji wa laktosi wanaweza kuwa wameimaliza na kugeuza mteremko kuwa mwekundu. Bomba lilelile, majibu matatu. Mwekundu juu, manjano chini na weusi wa salfaidi: fikiria salmonela, lakini muulize yurezi kwanza, kwa sababu protiasi naye hupaka weusi huohuo. Mwekundu juu, manjano chini, bila weusi na bila gesi, na hatembei: fikiria shigela.

Halafu kuna wale ambao chati haiwaoni. Bakteria wa kifua kikuu ana ukuta wa nta, rangi ya Gram haimwingii sawasawa, na makohozi yake huenda kwenye Ziehl-Neelsen. Mikoplazma hana ukuta kabisa. Wa kuogopwa zaidi katika nchi ya mbuzi kama yetu ni brusela, anayetoka kwenye maziwa mabichi na kwenye kondo la mnyama aliyetupa mimba. Kwenye slaidi ni vijiti vifupi vidogo vya Gram hasi, hafifu kama vumbi. Huota polepole, siku mbili na zaidi, oksidesi na yurezi chanya. Ukiona hivyo kwenye damu ya mtu mwenye homa zisizoisha, chati imekwisha kwako. Funga sahani, ipige tepu, mwite mkubwa wako, isipelekwe kwenye kipimo chochote cha mezani, kwa sababu humwingia mtu kwa hewa. Hii ndiyo sababu ya kutonusa sahani yoyote, hata ile unayodhani ni ya protiasi. Kwenye mtihani, jibu la “nasimamisha na kupeleka maabara ya rufaa” ni jibu kamili.

Saa nne kasorobo tuliinamisha mabomba mara ya kwanza, taratibu, bila kuyatikisa, kwa sababu donge changa likitikiswa huvunjika na halirudi. La kontroli lilikuwa limeanza kushika. La kijana lilitiririka. Saa tano kasorobo, lilitiririka bado, ila chini palikuwa na utelezi kama wa yai. Akataka kuandika. Nikamwambia aende kunywa chai.

Saa saba kasorobo, saa 4 baada ya kuanza, aliliinamisha, na plazma ikabaki imekaa mahali pake kama jeli, bomba likiwa limelala ubavu. La stafilokokasi wa ngozi lilikuwa maji. Stafilokokasi aureasi, akaandika, safari hii na saa pembeni, na chini yake: slaidi hasi, bomba chanya.

Nilimwomba asiyamwage, ayarudishe nyuzi 37. Jumatano asubuhi alifika kabla yangu. Bomba lake lilikuwa maji tena, safi, kama halijawahi kuganda. Baadhi ya stafilokokasi aureasi hutengeneza pia kimeng'enya cha kuyeyusha fibrini, na wakipewa usiku mzima huyeyusha donge walilolifanya wenyewe. Alisimama na bomba mkononi, akafungua chati yake mpya, na kwenye mshale wa koagulesi, mahali pa kinachodanganya, akaandika kwa penseli: soma saa 1, 2 na 4, usisubiri kesho.